Kichuguu Juu ya Meza ya Darasa

Mtu yule alitia kalamu tatu katika mfuko wa shati, nyekundu, bluu na kijani, na siku zote nilizomwona hakuandika kwa nyingine isipokuwa nyekundu. Alikuwa profesa wa mbinu za kufundisha katika shule ya sekondari ambako mdogo wangu wa mwisho, msichana, alikuwa anamaliza mchepuo wa ualimu. Kila mwanafunzi wa mwaka wa mwisho alipaswa kufundisha somo moja mbele yake, katika darasa halisi la shule ya msingi, na bila sahihi yake hakuna aliyekubaliwa kufanya mtihani wa diploma mwaka ule. Mtu akikosa sahihi, mwaka umekwenda. Alilijua hilo vizuri, na alitembea nalo kama wengine wanavyotembea na mbwa mkali.

Mimi ndiye mkubwa nyumbani. Mama alipofariki nilikuwa darasa la tano, na baba alipomfuata sikurudi tena shule. Tulikuwa wanne. Nilianza kubeba maji kwa watu wanaofyatua matofali nje kidogo ya mtaa wa Hewa Bora, baadaye nikafyatua mwenyewe, na hadi leo kazi yangu ni hiyo. Tofali letu linatoka katika udongo wa kichuguu, kwa sababu mchwa wamekwisha kuusaga kuliko mtu yeyote anavyoweza. Wawili walioko katikati walisoma mpaka walipochoka wenyewe. Huyu wa mwisho hakuchoka. Nilisema moyoni kwamba atakuwa mwalimu, na sikumwomba mtu ruhusa.

Jumapili moja mchana alirudi kutoka kanisani na kitabu cha Kifaransa cha darasa la tano, akakiweka juu ya mapaja yangu, amekifungua, akaniita yaya, kama kwetu anavyoitwa ndugu mkubwa.

"Yaya, angalia ukurasa bananipatia."

Ulikuwa ukurasa mzima juu ya kichuguu. Herufi ndogo, sentensi ndefu, na pembeni picha moja ya rangi ya kijivu ambayo ingeweza kuwa kichuguu au gunia la makaa.

"Hii si ya watoto," nikasema.

"Iko ya watoto. Banaandika darasa la tano."

Akanionyesha na fishi, yaani karatasi ambayo mwalimu anaandika somo lake lote kabla ya kuingia darasani. Profesa alikuwa amewapa mfano wa kunakili. Dakika tano za kuamsha hamu. Baada yake, maneno magumu kumi ubaoni, kila neno na maana yake kutoka katika kamusi, watoto wanaandika kimya. Halafu mwalimu anasoma, halafu watoto wanasoma, halafu maswali.

Nilicheka. Nililijua somo hilo tangu nilipokuwa na kaptura ya bluu. Mwalimu wangu wa darasa la tano alikuwa anaandika maneno kumi na tano ubaoni, na sisi tunayaandika mpaka vidole vinauma. Nakumbuka moja mpaka leo, maana nilipata alama zote kwa kulinakili bila kosa: *aération*, kitendo cha *aérer*. Hakuna aliyetuambia *aérer* ni nini. Hakuna aliyeuliza. Mwalimu alipita kati ya madawati akitazama kama mstari umepigwa kwa rula, na kama umepigwa, umeelewa. Nilifika mwisho wa maandishi yale nikiwa nimebeba maneno kumi na tano kama mtu aliyepewa funguo kumi na tano bila kuambiwa nyumba iko wapi. Nilifikiri kosa ni la kichwa changu. Kwa miaka mingi nilifikiri hivyo, na sitamsamehe mwalimu yule kwa sababu eti alikuwa mtu mwema. Alikuwa mtu mvivu mwenye mwandiko mzuri.

Lakini mdogo wangu alikuwa na daftari lingine. Lilikuwa daftari la masomo ya profesa yuleyule, yale aliyowasomea mwaka mzima huku wao wakiandika. Akanisomea. Kabla ya maandishi magumu, mwalimu aamshe kwanza kile ambacho mtoto anakijua tayari. Achague maneno machache tu, yale ambayo bila hayo mlango haufunguki, na ayafundishe kwa kitu, kwa tendo, kwa mfano, na mtoto ayatumie mwenyewe. Mengine mtoto ayakisie katika sentensi. Ampe mtoto swali la kwenda nalo ndani ya maandishi. Asimwambie jibu.

"Ni yeye anasema hivi?" nikamuuliza.

"Ndiyo, njo yeye. Neno kwa neno."

"Na fishi ni ya nani?"

"Ya yeye vilevile."

Kwa hiyo alijua. Hilo ndilo lililonifanya nimdharau kuliko mwalimu wangu wa zamani, ambaye labda hakuwahi kufundishwa. Huyu alikuwa na dawa mkononi, aliisoma kwa sauti kila wiki, na aliwafelisha wale waliothubutu kuinywa. Mwaka uliotangulia, msichana mmoja alileta kuku darasani kwa somo la kuku. Profesa alimwandikia kwa kalamu nyekundu kwamba darasa si soko. Msichana yule alirudia mwaka.

"Sasa utafanya nini?" nikamuuliza.

"Nitafanya ya daftari. Yaya, we utakuwa mwanafunzi yangu."

Nikawa mwanafunzi wake, juma zima, saa za alasiri nikitoka kazini, nimekaa juu ya kigoda mikono imejaa udongo mkavu. Alianza vibaya. Alinipa maneno kumi na manne mfululizo, na lilipofika la tisa nilikuwa nimesahau la pili. Nikamwambia.

"Unanifundisha kamusi. Mi niko napenda kujua kichuguu."

Akakasirika, akatoka nje, akarudi. Akaanza kufuta. Alinisomea vipande tu vya ukurasa, na kila neno gumu aliniuliza: bila hili, unapotea? Neno la mate hapana, sentensi yenyewe inaonyesha kwamba mchwa anachanganya udongo na kitu kinachotoka kinywani. Likafutwa. Yakabaki manne: *galerie*, *ouvrière*, *aération* na *cultiver*, yaani kulima.

*Galerie* alilifundisha kwa unyasi. Aliusukuma katika tundu la bonge la kichuguu nililolileta kutoka kazini, ukaingia mpaka mwisho. "Hii njia ya ndani." *Ouvrière* alinionyesha kwa kidole chake kilichoelekea kifua changu. "We uko *ouvrier*, mutu wa kazi, yaya. Huyu wa kichuguu banamwita *ouvrière*, njo tofauti. Na anatumika kazi kukupita." Kwa *aération* aliwasha vipande viwili vya mshumaa juu ya meza. Kimoja akakifunika kwa kopo zima, kingine kwa kopo alilolitoboa matundu chini na juu. Tukangoja. Aliponyanyua kopo la kwanza mwali ulikuwa umezimika. Wa pili uliendelea kuwaka. "Hewa inaingia, hewa inatoka. Sema neno." Nikalisema. Neno lililonishinda nikiwa na kaptura lilinichukua muda wa mshumaa kuzimika.

Halafu akafunga kitabu na kuniuliza swali alilolitunga kwa ajili ya watoto: ni nani anayelima uyoga bila jembe na bila jua?

Nilitazama bonge lile. Nimevunja vichuguu tangu utoto. Najua kwamba mvua zikianza bowa, uyoga wetu, linaota pembeni mwake, na akina mama wanaliuza njiani katika mabeseni. Najua kwamba ndani kuna vitu kama sponji, rangi ya kahawia, vyenye vidoto vyeupe, ambavyo tunavitupa kwa sababu vinaharibu tofali.

"Unataka kusema vile vya sponji..."

"Sitaki kusema kitu. Soma."

Nikasoma. Polepole, na kidole, mtu mzima wa kazi ya udongo, ukurasa mzima wa Kifaransa. Sikuwa nimefungua kitabu tangu siku nilipoacha shule. Na ilikuwa pale katikati: sponji ile ni shamba. Mchwa wanatafuna majani na miti, wanatengeneza navyo bustani, uyoga unakua juu yake gizani, nao wanaula. Nilikuwa nimetupa mashamba ya watu maisha yangu yote.

"Umeona?" akasema. Nilikuwa narudia aya ile.

Asubuhi ya somo nilichimba bonge kubwa tangu alfajiri, zima, halijapasuka, nikalifunga katika gunia lenye unyevu na kulileta kwa baiskeli. Mkuu wa shule ya msingi aliniruhusu kukaa nyuma ya darasa kwa sababu hakuna mtu mwingine aliyeweza kulinyanyua mpaka mezani. Profesa alifika akiwa amechelewa, ananukia manukato, anatembea kama mtu anayengojewa hotelini Karavia kwa chakula cha mchana. Akalitazama gunia. Akatazama miguu yangu.

"Huyu ni nani?"

"Ni yaya yangu, prof. Ameleta *matériel* ya somo."

"*Matériel* inatosha kuichora," akasema, akakaa.

Mdogo wangu akafunua gunia. Akauliza darasa, kwa Kifaransa chepesi, mnaona nini? Watoto zaidi ya sitini wakasimama kwa pamoja kana kwamba wamevutwa kwa kamba moja.

"Kichuguu ni makao ya mchwa, *mademoiselle*."

Nikaona uso wa mdogo wangu unabadilika. Akajaribu tena: nani anaweza kulima uyoga bila jembe?

"Mchwa hulima uyoga, *mademoiselle*."

Mwalimu wa darasa, bibi mnene wa magauni ya maua, alikuwa amekaa karibu na dirisha anatabasamu. Nikaelewa. Alikuwa amelipika darasa. Ndiyo desturi yao: mgeni akija kutazama, siku moja kabla mwalimu wa darasa anafundisha somo lote, anawakaririsha majibu, ili shule isiaibike. Kila mtu anajua, mkuu wa shule, profesa, hata watoto. Wanakaa wote wanatazama sahani iliyokwisha kuliwa na wanasifu mpishi. Na yule bibi aliamini kwa moyo wake wote kwamba amemsaidia mdogo wangu.

Profesa alikuwa anaandika na kutikisa kichwa kwa furaha. Mdogo wangu angeweza kuendelea. Kulikuwa na njia pana mbele yake: andika maneno kumi, soma, uliza, wajibu, piga makofi, chukua sahihi. Nilisali afanye hivyo. Nasema kweli.

Akamwendea mtoto wa mstari wa mbele, msichana mwenye nywele zilizosukwa nusu.

"Wanalima wapi? Njoo unionyeshe kwa kidole."

Mtoto akaja, akalitazama bonge, akatazama mwalimu wake dirishani. Akajaribu mwingine, naye akageukia dirisha. Walikuwa na sentensi yote kinywani na hawakuwa na kitu chochote ndani yake.

"Sawa," mdogo wangu akasema. "Chukueni vibao vyenu. Kila mmoja achore anachofikiri kiko ndani. Hakuna jibu baya. Baadaye tutavunja."

Hapo ndipo darasa lilipozaliwa. Bibi wa maua hakuwakaririsha mchoro. Walichora nyoka, vitanda, malkia mwenye taji, mashimo, mmoja akachora mtu mwenye jembe dogo. Wakaanza kubishana. "We, jembe itaingia wapi?" "Anaingia na mulango." "Mulango iko wapi, we?" Mdogo wangu aliwaacha wabishane, halafu akasukuma unyasi katika tundu na kuwapa neno *galerie*, kwa sababu sasa walilihitaji kwa ugomvi wao. Mara moja nikamsikia mmoja akisema jembe haliwezi kupita katika *galerie*. Akafanya mishumaa na makopo yake. Akawapa *ouvrière*, akanionyesha mimi nyuma, wakageuka wote wakacheka. *Cultiver* waliligeuza wenyewe: mama anafanya *cultiver* mahindi huko Lukafu, baba hafanyi *cultiver* kitu.

Halafu akanipa ishara, nikaja na nyundo. Bonge likapasuka katikati. Sponji ile ilikuwa pale, kahawia, na vidoto vyake vyeupe, na mchwa wanakimbia juu yake.

Hakuwaambia ni nini. Akasema, "Fungueni kitabu. Kitabu kitawaambia."

Nimeona watu wakigombania mkate. Sikuwa nimeona watoto wakigombania ukurasa. Watatu kwa kitabu kimoja, vichwa vimegongana, vidole vinakimbia juu ya mistari vikitafuta neno *cultiver*. Msichana wa nywele nusu ndiye aliyelipata kwanza. Alipiga dawati kwa kiganja, akasoma sentensi yote kwa sauti, akatazama meza, akaitazama sponji kama mtu aliyemkuta jirani yake akiishi chini ya kitanda.

Profesa alitazama saa yake.

Uamuzi ulitolewa katika ofisi ya mkuu wa shule, mlango wazi, mimi nimesimama nje na gunia langu. Profesa alimsomea mdogo wangu kama mtu anayesoma tangazo la kifo cha mtu asiyemjua. Dakika kumi na saba za kuamsha hamu, badala ya tano. Maneno manne badala ya kumi. Hakuna maana iliyoandikwa ubaoni. Udongo sakafuni. Moto darasani. Kelele.

"Lakini prof," akasema mdogo wangu, "banaelewa. Uliza moja kati yao."

"Mimi sikuja kuuliza watoto. Nilikuja kutazama somo."

"Daftari yetu inasema..."

"Daftari ni nadharia, mademoiselle. Fishi ni kazi."

Mkuu wa shule, mwanaume mwenye umri wa kutosha kuona aibu, alipanga karatasi zake. Bibi wa maua akasema kwa huruma ya kweli, "Mwanangu, nilikutayarishia kila kitu." Profesa akaandika kwa nyekundu: kurudia. Wiki inayofuata, darasa lilelile, maandishi mengine. Nafasi moja tu, na alisema hivyo kwa sauti ya mtu anayetoa sadaka.

Tulirudi nyumbani tukisukuma baiskeli. Hakulia. Alikuwa na hasira, na hasira yake ilinipendeza.

"Nitafanya vile vilevile," akasema. "Aandike nyekundu mpaka wino iishe."

Na hapa nafika kwa mtu wa mwisho ninayemdharau katika habari hii. Niliegemeza baiskeli ukutani.

"Hapana," nikamwambia. "Utafanya fishi yake."

"Yaya, we mwenyewe ulisoma. Uliona."

"Niliona."

"Sasa?"

"Sasa mwaka utapotea. Utarudia naye tena, yeye yuleyule. Na akikuchoka mwaka kesho? Fanya maneno yake kumi. Nakuomba."

"We njo unaniambia hivyo."

"Njo mimi."

Nilifyatua matofali miaka yote ile nikijiambia kwamba sitakuwa kama mwalimu wangu wa zamani, na sasa nilikuwa nimesimama katika ua wangu mwenyewe nikimtetea. Sikuwa na sababu nyingine isipokuwa hofu, na hofu ina akili sana, inapata hoja haraka. Akaingia ndani.

Wiki iliyofuata maandishi yalikuwa juu ya bandari. Nilibeba picha ya meli aliyoichora juu ya katoni, kwa sababu kitu kilichochorwa kinatosha. Bibi wa maua alikuwa amelipika darasa tena, safari hii kwa bidii zaidi. Mdogo wangu aliandika ubaoni maneno kumi, mwandiko wake umenyooka kama tofali lililopangwa. *Amarrer*: kufunga kwa *amarre*. Aliiandika ile makusudi, naapa, akageuka kumtazama profesa usoni. Profesa alitikisa kichwa kwa kuridhika. Watoto walinakili. Msichana wa nywele nusu, ambaye sasa alikuwa amesukwa kichwa kizima, alinyoosha mkono katikati ya kunakili.

"*Mademoiselle*, leo hatutavunja kitu?"

"Leo hapana. Andika."

Aliandika. Alipiga mstari kwa rula. Walipofika kwenye kusoma alisoma kwa zamu yake, kwa sauti ya juu, bila kosa hata moja, na alipomaliza akafunga kitabu mara moja, kabla ya mwenzake kuanza.

Makofi yalipigwa. Profesa alimpa mdogo wangu mkono na kumwambia mbele ya wote kwamba hivi ndivyo mtu anavyojirekebisha. Akatia sahihi kwa nyekundu. Hata mkuu wa shule alimpongeza, na mimi pia nilipewa mkono, na niliupokea.

Njiani nilimuuliza mdogo wangu maandishi ya bandari yalisema nini.

"Sijui, yaya," akasema. "Hakuna mutu aliuliza."

Alifanya mtihani, akapita, na leo anafundisha darasa la tano upande wa pili wa Hewa Bora. Hatujazungumza tena juu ya sahihi ile. Siku moja kwa wiki, kabla ya kengele ya kwanza, anapita kazini kwetu na kuniambia ukurasa unaokuja ni juu ya nini, kisha anangoja, mikono nyuma, aone nina nini cha kumpa apeleke darasani. Kuna siku ninampa kitu. Kuna siku ananitazama tu mpaka naona haya, na ninaacha tofali na kwenda kutafuta.